Kopo la Pili Sikutumii

Abaayo, mdogo wangu,

Mzigo huu ukikufikia utaupapasa kwanza kutafuta kopo. Najua, kwa sababu ndivyo ningefanya mimi. Ndani kuna magauni mawili ya diraa, sabuni, chupa ya mafuta ya kukinga jua na mfuko wa qasil, unga wetu wa kuoshea uso. Kopo halimo. Acha kupapasa, kaa chini usome.

Ningeweza kukupigia simu, lakini simu yako huko Mandera ni ya nyumba nzima. Nikituma ujumbe wa sauti, sebule yote inausikiliza kabla yako, na habaryar, mama yetu mdogo, anatoa hukumu kabla sijamaliza salamu. Kisomali nacho tunakisema tu, kukiandika hakuna aliyetufundisha. Basi chukua Kiswahili cha shule, na karatasi hii uifiche kati ya daftari za wanafunzi wako.

Wiki iliyopita uliniandikia: “Dada, ule mchanganyiko wako unakaribia kwisha na harusi imebakiza wiki saba, tuma mwingine haraka, habaryar anasema nimeanza kung’aa.” Nimeusoma ujumbe huo mara nyingi nikiwa dukani kwangu hapa Garissa kati ya mabunda ya vitambaa, na kila nikiusoma nakasirika upya. Nimemkasirikia habaryar. Nimemkasirikia yule mama wa duka la vipodozi anayenitazama kutoka ng’ambo ya kijia. Wewe pia nimekukasirikia, mwalimu mzima mwenye cheti, unapaka mwili mzima kitu ambacho hujui kimewekwa nini. Lakini kopo la kwanza ulipewa na nani? Nilikupa mimi, siku ya Idi ya mwaka juzi, nikalifunga kwa karatasi ya zawadi.

Kwa hiyo nisikilize, na usiniambie nakuonea wivu.

Mimi nilianza mwaka niliochumbiwa. Hakuna aliyenilazimisha, na hilo ndilo linaloniudhi. Wanawake walikuja kuniangalia, wakanywa chai, wakasifu nywele zangu, na mmoja akasema akiwa anatafuta viatu vyake mlangoni, “Msichana ni mzuri, ni rangi tu.” Rangi tu! Alisema kama mtu anayesema chai imepungua sukari. Shemeji yako hakuwahi kutamka neno kuhusu rangi yangu, si wakati ule, si leo. Lakini kesho yake asubuhi nilikuwa kwenye duka la yule mama.

Umemwona anavyofanya kazi. Anakaa juu ya kigoda, beseni katikati ya miguu. Anamimina losheni ya kawaida nusu beseni. Anafungua kopo lenye picha ya mwanamke mweupe, halafu lingine lisiloandikwa kitu, halafu anakamua tyubu ndogo ndogo za dawa ya ngozi, moja baada ya nyingine, kama dawa ya meno, na kukoroga kwa mwiko. Pwani wanauita mkorogo, na ni jina la haki. Nilimuuliza tyubu zile ni za nini. Akasema, “Hiyo ni ya kufanya isikuwashe, mama, usijali.” Kumbe hizo ndizo zilizokuwa na kazi kubwa kuliko vyote.

Nami nikang’aa, siwezi kukudanganya. Ndani ya mwezi mmoja uso wangu ulikuwa laini, bila hata kipele. Harusini walipiga vigelegele na yule wa “rangi tu” akanibusu mashavu yote mawili. Ningekuwa na akili ningeacha siku hiyo. Lakini ukiacha siku nne, uso unaanza kuwaka moto na kuwa mwekundu, ukipaka tena unatulia. Nikajiambia ngozi yangu inaihitaji. Niliendelea miaka sita.

Vidole vilinikatalia. Unakumbuka jinsi nilivyopenda hina hata pasipo na sherehe? Nilikuwa naficha viungo vya vidole. Kila mahali pa mwili palikubali, isipokuwa hapo, na visigino, na viwiko. Mkono wangu ulikuwa wa watu wawili. Nilikuwa nampokea mteja pesa kwa ncha za vidole, buibui nimeivuta hadi kwenye kucha.

Halafu ikaja safari ile ya kwenda Nairobi kuchukua mzigo wa vitambaa. Kwenye kizuizi cha barabarani tulishushwa kama kawaida, sisi wenye sura hizi, tukapanga mstari na vitambulisho mkononi. Wewe na mimi tumelelewa na mstari huo. Tangu utotoni tumeambiwa usisahau mkate, usisahau maji, lakini kitambulisho ukisahau usirudi nyumbani kulia. Nami sikukisahau. Askari akakitazama, akanitazama, akakitazama tena.

“Mama, hii ni ya nani?”

“Ni yangu.”

“Hii ni ya mtu mweusi.”

Walicheka wote mstarini, hata mzee mmoja aliyekuwa ameshika tasbihi. Niliambiwa nikae pembeni. Nikaulizwa chifu wangu ni nani, shule ya msingi nilisoma wapi, nani alikuwa mwalimu mkuu. Basi zima linangoja, dereva anapiga honi, na mimi nathibitisha kwamba mimi ni mimi. Unajua watu wetu wamepigania vile vitambulisho kiasi gani. Baba alikaa siku ngapi kwenye foleni ya uhakiki akiulizwa habari za babu wa babu yake, ili mimi nipate kile changu. Halafu mimi mwenyewe, kwa hiari yangu, nimejipaka hadi hakinitambui.

Mwishowe aliitwa askari wa kike. Akanipeleka nyuma ya hema, akaniambia nikunje mkono wa buibui. Nilikunja. Akakiweka kile kitambulisho kando ya kiwiko changu, akavilinganisha taratibu, akapaza sauti kwa wenzake, “Ni yeye. Kiwiko kinafanana.” Nilirudi kwenye basi nikaketi, na hakuna aliyenitazama usoni mpaka tukafika.

Utasema hapo ndipo nilipoacha. La. Nilichofanya ni kununua tyubu zaidi kwa ajili ya viwiko. Hivyo ndivyo nilivyokuwa mjinga, nami nakuandikia nikiwa timamu ili usidhani wewe utakuwa na akili kuliko mimi. Ukiwa ndani ya jambo hili huoni.

Kilichonishinda kilikuja kwa njia ndogo. Mwaka jana wakati wa mvua nilipata homa, nikaenda kupimwa damu kwenye kliniki. Kijana wa maabara alinitoboa, akaweka pamba na kipande cha plasta. Niliporudi kuchukua majibu akasema sasa naweza kuibandua. Nikaivuta, abaayo, na ngozi ikaja nayo. Haikuwa nywele wala uchafu, ilikuwa ngozi, kipande cha upana wa plasta, na chini yake pakawa pabichi panatoa maji. Plasta! Mtoto wa chekechea anabandua plasta akaenda kucheza.

Yule kijana aliogopa kuliko mimi. Akamwita daktari wa kike aliyekuwa chumba cha pili. Daktari hakuuliza kwanza. Alinishika mkono, akaugeuza kwenye mwanga wa dirisha, akanionyesha mishipa inayoonekana kama mistari ya ramani. Akanionyesha michirizi ndani ya kiwiko ambayo nilidhani ni ya uzazi, ingawa sijui ni nani huzaa kwa mkono. Kisha akauliza, “Unapaka nini?”

Nikajibu lile jibu letu. Unalijua. “Qasil tu, daktari. Na huruud kidogo.”

Alikuwa msichana wetu, wa Wajir. Akakunja uso. “Dada, ayeeyo aliyemzaa mama yangu amepaka qasil miaka sabini. Ni majani ya mkunazi yaliyosagwa. Huruud ni manjano ya jikoni. Hakuna kati ya hayo linalomchuna mtu ngozi. Kesho niletee hicho unachopaka.”

Nilimpelekea kopo limefungwa kwenye mfuko mweusi, kana kwamba nabeba pombe. Nilimweleza habari za tyubu pia. Akanieleza kwa subira ambayo sikustahili. Tyubu zile ni dawa kali ya kutuliza ngozi yenye ugonjwa, ya kupakwa sehemu ndogo, siku chache, kwa maagizo. Ukiipaka mwili mzima kila siku inaifanya ngozi iwe nyembamba, jeraha halifungi upesi, na inaingia hata kwenye damu, mwili ukasahau kujitengenezea homoni yake. Lile kopo la picha lina dawa ya kuondoa rangi, ambayo ukizidisha miaka inageuka na kuleta weusi wa buluu mashavuni, na huo ukishaingia hautoki kirahisi. Na lile lisiloandikwa kitu, alisema, hakuna ajuaye, lakini mengi ya namna ile yana zebaki, nayo huharibu figo na humdhuru mtoto tumboni. Serikali imeyapiga marufuku, akasema, na mimi nikacheka, maana yanauzwa hatua kumi kutoka dukani kwangu, karibu na mahali polisi hunywa chai.

Alinipa miadi na kuniambia nisiache kwa pupa, nirudi anipangie. Mimi nani wa kusikiliza? Nilifika nyumbani, nikamwaga kila kitu chooni, nikajiona shujaa. Baada ya siku tano uso wangu ulivimba. Nilikuwa mwekundu, nina vipele vya usaha, siwezi kusimama karibu na jiko la anjera. Nguvu ziliniisha hata kupanda ngazi za duka. Na katika hali hiyo nikafanya jambo ambalo hakuna mwanamke wa kabila lingine angelifanya: nikakoroga qasil na huruud na limau, nikijiambia nimerudi kwenye asili, asili itanipokea. Nilipaka nikakaa uani kwenye jua mpaka ikauke, kama wanavyofanya maharusi. Asili ilinichoma, dada. Nilipiga kelele mpaka jirani akaruka ua. Limau juu ya ngozi iliyochunika, na jua la Garissa juu ya limau! Daktari aliponiona akasema, “Nilikuambia urudi.”

Aliniandikia dawa nyepesi kuliko ile, ya kupunguza wiki kwa wiki, akapima damu yangu, akanipangia kila hatua. Ilichukua miezi mingi. Nilikuwa mbaya kuliko nilivyowahi kuwa, nikauza vitambaa na nikabu usoni, mimi ambaye sijawahi kuivaa. Sasa niko hivi: ngozi imenenepa, plasta naibandua bila woga, rangi yangu imerudi, isipokuwa mashavuni. Hapo kuna mabaka mawili ya weusi usio wangu. Daktari anasema yatapungua labda, kuisha haahidi.

Utaniuliza natumia nini sasa. Ni mambo ya kuchosha. Naosha uso kwa sabuni isiyo na manukato, na nikitoka kuoga, ngozi ikiwa bado na unyevu, napaka mafuta ya mgando ya kawaida, yale hooyo alikuwa akitupaka miguuni kabla ya shule. Kila asubuhi, hata siku ya mawingu, napaka mafuta ya kukinga jua, na kurudia mchana nikitoka. Hayo ndiyo yanayozuia mabaka yasizidi. Qasil naipaka mara moja kwa wiki, nimeikoroga kwa maji au maziwa ya mgando, bila limau, nikakaa ndani kivulini na kuiosha kabla haijakauka kabisa. Nilianza tu baada ya daktari kusema ngozi imepona. Inasafisha uso, inanukia nyumbani kwetu, basi. Haimfanyi mtu mweupe. Haijawahi kumfanya mtu yeyote mweupe.

Na hapa ndipo ninaposhindwa kuendelea kukukaripia.

Ulikuwa na miaka kumi na minne nilipoolewa. Uliniuliza nimefanyaje, nami nikakujibu, “Qasil tu.” Nilikuwa nawajibu hivyo watu wote, na wote walinijibu hivyo nilipowauliza, ni adabu yetu, hakuna anayekiri. Lakini wewe uliamini. Mwaka ule mzima hooyo alikuwa akilalamika unga wa qasil unakwisha. Ulikuwa unaamka mapema kabla ya shule, unapaka, unaosha, unajitazama kwenye kioo kilichopasuka cha varanda. Nilikuja kutembea siku moja nikakukuta hapo, uso wa kijani mpaka masikioni. Ukaniuliza, “Mbona kwangu haifanyi kazi? Ngozi yangu ina nini?”

Nilikuwa na kopo mkobani. Nilikuwa nimekaa nalo mapajani. Nikakuambia, “Endelea tu, wewe yako ni ngumu kidogo.”

Ngumu kidogo. Msichana wa miaka kumi na minne. Habaryar ana makosa yake, na yule mama wa beseni atayajibu yake mbele ya Mungu, lakini neno hilo nilikutia mimi, na siku ya Idi niliyokupa kopo ulilia kwa furaha. Ulidhani hatimaye nimekuhurumia, nami nilipoacha niliona haya kukuambia. Wallahi, nikikumbuka yale machozi nataka kujipiga.

Ngozi yako haikuwa na kitu. Qasil ilifanya kazi yake, ilikuosha uso.

Sasa sikia la kufanya. Usiendelee na kopo hadi harusi, na usiache leo ukajifungia kama mimi. Ulilitunza tangu Idi ile ukalifungua ulipochumbiwa, na sasa umelipaka miezi mitatu, mwili mzima. Nenda hospitali, beba kopo hilohilo hata kama limebaki la kukwangua, umwambie daktari ukweli siku ya kwanza. Usiseme qasil. Wakikuambia hakuna wa ngozi huko, panda basi uje kwangu, nitafunga duka nikupeleke kwa yule wa Wajir. Habaryar anataka kukuweka ndani wiki za mwisho akupake usiku na mchana. Mwambie nimekuita kuchagua nguo.

Huenda siku ya harusi uso ukawa mwekundu. Huenda ukawa mweusi kuliko ulivyokuwa wakikuchumbia, na watasema. Najua watasema, nimekaa nao vikao vyote. Bwana harusi alikuona ukifundisha watoto kwenye jua, chaki hadi kwenye nyusi, kabla hujafungua kopo. Kama anataka mwingine aseme kabla ya mahari.

Jana nilimpigia habaryar mwenyewe. Nikamwambia yote: tyubu, plasta, kiwiko mbele ya askari. Nikamwambia ile haikuwa qasil, miaka yote hiyo. Akasema kwa sauti ya chini, “Na mimi je, unadhani yangu ilikuwa nini?” Halafu akakata simu.

Basi nitakuja na basi la Jumatano kabla ya harusi. Wanawake wakikaa kukutazama, nitakaa kando yako bila poda na bila nikabu, mabaka yangu nje. Wakiuliza bibi harusi amepaka nini, utaniachia mimi nijibu.